Utani wa feri mbele ya watoto na wazee: unafaa au nikate mkia?

KijanaWaTudor

Habari za jioni wanajukwaa. Nimeombwa niwe emsii kwenye siku ya familia ya mtaa wetu hapa Tudor, shughuli ya kuchangia paa la chekechea. Nimepewa dakika kumi kati ya qaswida za watoto na kugawa zawadi, nichangamshe watu.

Tatizo ni watu wenyewe. Mbele kabisa mikekani watakaa watoto, kuanzia wa miaka minne hadi walio gredi ya sita. Kina mama upande mmoja, kina baba upande wa pili, wazee kwenye viti vya plastiki chini ya hema. Imamu wa msikiti wetu amealikwa, na mchungaji wa kanisa la jirani pia. Nyuma watasimama vijana wa bodaboda, na hao ndio wanaocheka kwa sauti kuliko wote.

Utani niliouandaa ni huu. Bwana mmoja wa Tudor arudi nyumbani saa saba usiku, mkewe amngoja sebuleni. "Watoka wapi saa hizi?" "Mke wangu, we wacha tu, feri imekwama, tumekaa pale majini hata sijui tumetokaje." Mke amtazama, amwambia pole pole: "Baba nanihii, sisi twakaa Tudor." Halafu mkia wake: "Basi rudi kwa huyo wa Likoni akumalizie usingizi."

Barazani kwetu watu walivunjika mbavu. Lakini pale hapakuwa na mtoto. Unafaa?

PwaniNiKwetu

Hahaha "sisi twakaa Tudor". Peleka hivyo hivyo.

MzaramoHalisi

Mimi niko Dar, sijaelewa. Kwani Tudor ni wapi?

PwaniNiKwetu

Kaka, Tudor iko kisiwani, hapa hapa Mombasa mjini. Feri yavusha watu kwenda Likoni, ng'ambo ya kusini. Mtu wa Tudor akitoka kazini mjini hana haja ya feri. Ni kama mtu wa Kariakoo aseme amechelewa kwa sababu pantoni ya Kigamboni imeharibika.

MzaramoHalisi

Aaah! Sasa nimecheka peke yangu kwenye daladala.

MkaliWaJukwaa

Sioni shida yoyote. Humo hamna tusi, hamna neno la mwili, hamna kitu. Mkubwa aelewa, mdogo haelewi, kila mtu achukua lake. Katuni zote za televisheni ziko hivyo, zina ya watoto juu na ya wazazi chini. Watu siku hizi wanaogopa hadi kivuli.

MamaWaWatatuBamburi

Mimi nina swali tofauti kidogo. Kwani watoto wa miaka minne wanafuata nini kwenye utani? Nauliza kwa sababu mwaka jana kwenye birthdei ya jirani emsii alimuona mwanangu analia, akasema kwenye maiki: "Huyu akizidi kulia twampeleka Kongowea tukamuuze kwa kilo." Watu wakacheka, mimi pia nilicheka. Mtoto akanyamaza kabisa, nikadhani amefurahi. Baada ya hapo kila nikimwambia twende sokoni anashika mguu wa meza. Mpaka babake alipomuuliza ndipo akasema hataki kuuzwa.

MkaliWaJukwaa

Huyo wako ni muoga tu dada, usikasirike.

BiMwalimuMstaafu

Si muoga, mwanangu. Ana miaka minne. Mimi nimekaa chekechea tangu nikiwa msichana mpaka nimestaafu, na hilo la Kongowea nimeliona kwa sura nyingi. Mtoto wa umri ule huchukua maneno kama yalivyo. Kongowea anaijua, ameona vitu vikipimwa kwa kilo, na mtu mzima mwenye maiki mbele ya watu wote ndiye aliyesema. Kucheka kwenu hakumwambii kuwa ni mzaha. Kunamwambia kuwa watu wote wamekubali auzwe. Alinyamaza kwa hofu.

Akifika sita au saba huanza kujua kuwa mtu anaweza kusema jambo asilolikusudia, lakini si kila mara, na anapojua bado anaweza kukosa kuona kwa nini linachekesha. Walio gredi ya nne na kuendelea ndio watakaokwenda nawe sawa. Kwa hiyo hapo mikekani, Kijana, utakuwa na watoto wa aina mbili tatu, si mmoja.

Sasa kwa MkaliWaJukwaa. Umesema kweli nusu. Utani wa tabaka mbili ni mzuri sana, na ndio unaofaa kwa mkusanyiko kama huo. Lakini sharti tabaka la watoto liwe limekamilika lenyewe. Mtoto apate kisa chake, mwisho wake na kicheko chake bila kuhitaji kile cha juu. Mtoto asiyepata kitu hakai kimya, huuliza. Na huuliza kwa sauti, wakati watu wamenyamaza.

Chukua kile kisa cha Abunuwasi na sufuria. Aliazima sufuria kwa jirani, akairudisha na kisufuria kidogo ndani, akasema imezaa. Jirani akapokea kwa furaha. Akaazima tena, safari hii akasema sufuria imekufa. Jirani akapiga kelele, sufuria yafaje? Akajibiwa, ulipoambiwa imezaa mbona hukubisha? Mtoto wa miaka minne anacheka sufuria kuzaa. Wa miaka minane anacheka jirani alivyonaswa. Mkubwa anawaza tamaa ya jirani, na pengine ya mtu anayemjua. Hakuna aliyefichwa chochote.

Utani wako wa feri, bila mkia, mtoto mkubwa anapata kitu: mtu kasema uongo, kanaswa. Mwenye miaka minne hapati. Na ule mkia hauna la mtoto hata kidogo. "Huyo wa Likoni" ni nani? Ndilo swali litakalokuja.

UmmKhadijaLikoni

Na sisi wa Likoni tumekuwa nini kwani? Kila utani wa mume mzururaji, mwanamke ni wa Likoni. Nikija hapo na binti zangu nikae nisikie hivyo mbele ya watu? Kateni huo mkia na mwenye kuukata asinawe mikono karibu na mimi.

KijanaWaTudor

Shikamoo Bi Mwalimu. Samahani Umm Khadija, sikukusudia hivyo, mkia nimeutupa. Lakini Bi Mwalimu, nikiukata si utani unabaki butu? Wale wa nyuma watanizomea.

BiMwalimuMstaafu

Marahaba. Haubaki butu. "Sisi twakaa Tudor" ndiyo kilele, na ulipofika hapo umeshawachekesha. Huo mkia unawaeleza wakubwa jambo walilokwisha kulielewa wenyewe, na ukimweleza mtu utani alioupata unampunguzia raha.

Lakini mimi nina wasiwasi mwingine, si wa mkia. Wewe umehesabu watoto kama wasikilizaji. Watoto kwenye mkeka si wasikilizaji, ni washiriki. Ukisema "feri imekwama", kuna mmoja atakayesimama aseme, "Hata baba yetu husema hivyo!" Na babake yuko pale kwenye viti, na mamake yuko upande wa pili. Barazani hilo haliwezi kutokea.

DerevaTukTuk_Buxton

😂😂😂 Hiyo Bi Mwalimu imenimaliza. Mimi mwanangu ndiye angesimama.

MchambuziWaMambo

Kaka Kijana, ukitaka spika nzuri usikodi zile za pale karibu na soko, zinakoroma. Na maiki ya waya ni bora kuliko ya betri, ya betri huzima katikati ya kilele na hapo utani wote umeharibika. Pia uliza kama kuna jenereta.

KijanaWaTudor

Shukran kaka, vyombo vipo tayari. Swali langu ni la utani wenyewe.

MchambuziWaMambo

Sawa lakini utani bila sauti ni bure.

BiMwalimuMstaafu

Kuna njia ya kufanya mtoto asiwe hatari bali awe ndiye shujaa. Mpe yeye ule uongo kwanza. Mimi ningeutega hivi:

Mtoto wa Tudor afika shule, kengele imeshalia zamani. Mwalimu amuuliza, "Mbona umechelewa?" "Mwalimu, feri imekwama." "Feri gani? Wewe si wakaa hapa nyuma ya shule? Mamako namuona dirishani hapa akianika nguo!" Apewa ufagio, afagia darasa zima. Usiku ule ule babake achelewa kurudi. Mama amsimamia mlangoni, "Watoka wapi?" "Mke wangu, we wacha tu, feri imekwama." Mara sauti yatoka chumbani: "Baba, hiyo haikubali! Mie nimeijaribu asubuhi!"

Angalia kilichobadilika. Mtoto amedanganya, amenaswa, ameadhibiwa, na sasa anajua kuliko babake. Hicho ndicho kicheko chake, na amekipata chote. Mkubwa akiwaza alikotoka baba, ni shauri yake na moyo wake, wewe hukusema. Mama mwenye nyumba ngumu naye hakuguswa jeraha, kwa sababu hakuna mwanamke wa pili katika kisa. Na yule mtoto wa mkekani aliyetaka kusimama aseme "hata baba yetu", sasa hana la kufichua. Akisema, watu watacheka naye kama sehemu ya kisa.

ShabikiWaMwembeTayari

Nzuri sana, lakini mtoto wa shule ya msingi yuko macho saa saba usiku anafanya nini? 😂

BiMwalimuMstaafu

Umenena. Na si hilo tu, saa yenyewe ina moto wake. Saa saba usiku kila mtu mzima anajua inataja nini. Weka saa nne. Saa nne mtu aweza kuwa barazani akicheza bao na kusahau, na mtoto aweza kuwa hajalala. Utani ule ule, umepunguza moto kwa kusogeza saa tu.

KijanaWaTudor

Mashallah. Huu ni bora kuliko wangu.

MkaliWaJukwaa

Ni mzuri nakubali, lakini umekuwa wa shule. Wale vijana wa nyuma walikuja kwa kile cha kwanza.

BiMwalimuMstaafu

Vijana wa nyuma ndio wanaowapoteza maemsii wengi. Wana sauti kubwa, basi emsii anadhani uwanja mzima unacheka. Usiwasikilize wao, watazame watoto. Utani ukiwafaa, watoto humtazama anayesimulia. Ukiwa na kitu kimefichwa, wakubwa hucheka na watoto hugeuka nyuma kuwatazama wazazi wao. Shingo zikigeuka, umeshavuka mpaka. Na kina mama nao, wakicheka huku wameziba mdomo na kuangalia chini, hiyo si sifa.

KijanaWaTudor

Na shingo zikishageuka nifanye nini? Niombe radhi?

BiMwalimuMstaafu

Hapana. Ukiomba radhi kwenye maiki, wale ambao hawakuelewa watataka kujua kulikuwa na nini. Usieleze, usirudie. Sema "Kitendawili!" hapo hapo. Watoto wataitikia "Tega!" kabla hawajafikiri, na macho yote yamerudi kwako. Uwe na vitendawili vitatu vinne mfukoni kwa kazi hiyo tu.

MkaaMtongwe

Samahanini, mimi nimesoma uzi wote na nimecheka, lakini kuna jambo hakuna aliyelitaja. Feri. Mimi ni wa Mtongwe. Aprili 1994 kivuko kilizama pale, watu zaidi ya 270 wakafa, na mimi nina jamaa zangu ndani ya hesabu hiyo. Na mwaka 2019 gari liliteleza kutoka kwenye feri Likoni, mama na bintiye mdogo wakazama nalo, nchi nzima ikakaa siku nyingi ikisubiri lipatikane. Tudor ni mji wa watu waliotoka kila upande. Hamjui nani amekaa kwenye kiti hicho cha plastiki.

PwaniNiKwetu

Allah awarehemu. Lakini ndugu yangu, watu wa Mombasa wameitania feri maisha yote. Ikichelewa twaitania, ikijaa twaitania. Utani si wa kuzama, ni wa kukwama.

MkaaMtongwe

Kukwama majini na watu ndani, kwa sisi wengine, hakuko mbali na huko kwingine. Sisemi msitanie feri. Nasema mjue.

UmmKhadijaLikoni

Mimi navuka kila siku, na nikiacha kuicheka feri nitalia. Lakini MkaaMtongwe ana haki yake. Ile ya kwanza Kijana alisema "tumekaa pale majini hata sijui tumetokaje". Hayo maneno yatoe. Mtu asielezwe alivyokuwa majini. "Feri imekwama", basi, kama tunavyosema sote asubuhi tukichelewa kazini.

BiMwalimuMstaafu

Nakubaliana na Umm Khadija, na hata kwa watoto wadogo ni hivyo hivyo. Ukieleza watu wamekwama majini, wa miaka minne anaacha kisa chako na kuanza kuwaza wale watu watatokaje. Unamsimulia baba mlangoni, yeye bado yuko baharini.

DerevaTukTuk_Buxton

Si utumie jamu ya Nyali Bridge tu? Tudor iko huku kisiwani na Nyali iko ng'ambo ya daraja, kwa hiyo uongo unanaswa vile vile. "Mwalimu, Nyali Bridge kuna jamu." "Wewe si wakaa nyuma ya shule?" Na hakuna aliyekufa.

ShabikiWaMwembeTayari

Yafanya kazi lakini si kama feri. Jamu ya Nyali yaweza kurudi mpaka mjini ikakushika hata wewe usiyevuka. Mtu wa Tudor akisema jamu ya daraja imemchelewesha, naweza kumuamini. Feri haiwezi kumgusa. Uongo lazima uwe mkubwa hadi mtoto auone.

DerevaTukTuk_Buxton

Hapo umenishika. Kweli jamu ile hufika mpaka Buxton, mimi ndiyo naila kila jioni.

MamaWaWatatuBamburi

Kijana, kwa nini usiwajaribie watoto kwanza? Uone.

BiMwalimuMstaafu

Ndiyo, na kuna namna ya kujaribu. Usimuulize mtoto kama umempendeza, atakwambia ndiyo kwa adabu. Msimulie mmoja wa miaka saba hivi, kisha mwambie akamsimulie mwenzake nawe ukisikia. Atakachosimulia ndicho alichokisikia. Na ndicho kitakachofika kwa bibi yake na madrasa kesho yake.

KijanaWaTudor

Nimerudi na majibu. Nilimsimulia mpwa wangu wa miaka saba toleo la Bi Mwalimu, saa nne, feri imekwama bila maelezo. Nikamwambia akamwambie binamuye wa miaka mitano. Alivyosimulia: "Kuna mtoto alimdanganya mwalimu akafagia. Halafu babake akadanganya pia lakini yeye hakufagia." Feri hakuitaja hata mara moja! Wa miaka mitano akauliza, "Kwa nini baba hakufagia?"

Dadangu alicheka mpaka akakaa chini.

UmmKhadijaLikoni

Kwa nini baba hakufagia 😂😂 Huyo mtoto apewe maiki yeye.

BiMwalimuMstaafu

Umepata dhahabu. Kwa wadogo, utani wako si wa feri kabisa, ni wa kufagia. Wanajua ufagio, wanajua kuadhibiwa. Basi wape mwisho wanaoungoja. Baada ya "mie nimeijaribu asubuhi", mama amletee baba ufagio. Bila neno. Ushike ufagio wa kweli mkononi, ule wa chelewa, uuonyeshe tu. Wa miaka minne atacheka kwa kuuona, wa gredi ya sita kwa yale maneno ya mtoto, na wakubwa kwa yao.

MkaliWaJukwaa

Baba apewe ufagio na mkewe mbele ya wazee na imamu? Hapo mmemdhalilisha mwanamume. Wazee wa kwetu hawatacheka.

BiMwalimuMstaafu

Hilo linawezekana, na wewe Kijana ndiye unayewajua wazee wako. Kwa uzoefu wangu wazee hucheka mzee asiye na jina akinaswa. Wanachokichukia ni kicheko kinachomwangukia mtu aliyepo. Kwa hiyo usimwite baba wa kisa jina lolote, usimuonyeshe mtu yeyote kwa kidole, na usiigize sauti ya mtu anayejulikana mtaani.

MkaliWaJukwaa

Mimi bado nasema ufagio akabidhiwe na mtoto, si mke. Mtoto alimpa babake ufagio wake, yaani twende sawa. Mke akiuleta ni amri.

MamaWaWatatuBamburi

Mtoto amkabidhi babake ufagio? Hiyo ndiyo mbaya zaidi kwa wazee wa kwetu! Wanangu wataiga jioni hiyo hiyo.

ShabikiWaMwembeTayari

Uwe umeegemea mlango tu. Baba auone mwenyewe.

BiMwalimuMstaafu

Ee, huyo ameona. Ufagio uko mlangoni, hakuna aliyeuleta. Baba autazame, amtazame mkewe, auchukue. Ukae kimya hapo kidogo kabla hajauchukua. Usikimbilie.

KijanaWaTudor

Nauchukua huo. Ufagio wa chelewa ninao. Kuhusu feri, nitaongea na mzee wa mtaa ili nijue kama kuna familia ya Mtongwe itakayokuja. Ikiwepo, nitafute uongo mwingine mkubwa. Mwenye wazo?

DerevaTukTuk_Buxton

"Mwalimu, tembo wamefunga barabara."

MkaaMtongwe

Huo wa tembo mimi nitaucheka. Na kama ni feri nitakaa nisikilize, maadamu umejua.

PwaniNiKwetu

Tembo Tudor? Wacha feri yetu bwana.